Rekodi ya mgonjwa iwekwe wapi, iitweje, na ikikosewa ifanyweje: mwongozo kwa wafanyakazi wa kliniki

KWA: Wenzangu wa mapokezi, maabara, famasia, chumba cha wauguzi na vyumba vya matibabu

KUTOKA KWA: Msimamizi wa kliniki, Umoja, Nairobi

KUH: FOLDA MPYA ZA SEVA NA KANUNI ZA KUHIFADHI REKODI ZA WAGONJWA

Wenzangu wapendwa,

Hii ni barua ya tatu kuhusu jambo hili, na naiandika kwa urefu kwa sababu mbili za kwanza zilikuwa fupi mno. Ijumaa iliyopita nilipita kwenye kila kompyuta baada ya kufunga, nikakuta majibu ya maabara yamelala kwenye `Desktop` ya mapokezi, barua za rufaa ndani ya `Documents` ya chumba cha pili, na faili moja lenye jina `FINAL FINAL mama wa jana.pdf`. Aliyeliandika alikuwa na haraka, namwelewa, lakini leo hata yeye hakumbuki mama huyo alikuwa nani.

Madhara yake tumeshayaona. Mama mmoja mjamzito alipimwa damu Jumanne, akarudi Alhamisi kumwona daktari, na jibu lake halikuonekana kwenye seva. Akadungwa sindano mara ya pili kwa kipimo kilekile, wakati jibu la kwanza lilikuwa kwenye kompyuta ya mapokezi, hatua kumi kutoka alipoketi.

Tafadhali fuateni hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake, kwa maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na jina lako la kuingilia na nywila yako mwenyewe. Asiye navyo aje kwangu kabla ya zamu yake, asiazime vya mwenzake.

Uwe na kadi ya mgonjwa mkononi, au karatasi yenye namba yake ya tarakimu tano. Namba hiyo ndiyo itakayobeba kazi yote, kwa hiyo bila namba usiendelee.

Kompyuta iwe inaonyesha diski ya `Z:` ndani ya `This PC`. Ndani ya diski hiyo mtaona folda tatu tu:

```
Z:\SKANA_MPYA
Z:\WAGONJWA
Z:\FOMU
```

`SKANA_MPYA` ni meza ya kupokelea: kila karatasi iliyoskaniwa hufikia hapo kwanza. `WAGONJWA` ndiyo kabati lenyewe. `FOMU` ina fomu tupu za rufaa, idhini na majibu ya maabara, ambazo mnaweza kuzifungua na kuzijaza lakini hamwezi kuzibadilisha.

Mwisho, uwe na daftari jeusi la dharura lililo kwenye droo ya mapokezi. Matumizi yake yameelezwa katika hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Ingia kwa jina lako, uhakikishe `Z:` iko hai

Ingia kwenye kompyuta kwa jina lako hata kama unakaa hapo dakika tano tu. Seva huandika ni nani aliyeweka faili gani na saa ngapi. Wawili wakitumia jina moja, maandishi hayo hayana faida, na kosa la mmoja litamwangukia mwingine. Unapoinuka, hata ikiwa ni kwenda kuchukua chai ya saa nne, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L ili skrini ifungwe.

Wakati mwingine utaona alama nyekundu ya X kwenye `Z:`, hasa kompyuta inapoamka baada ya kulala. Usiogope wala usikimbilie `Desktop`. Bofya `Z:` mara mbili, na mara nyingi itafunguka yenyewe.

Isipofunguka, fungua `Command Prompt` uandike mstari huu kama ulivyo:

```
net use Z: \\SEVA\KLINIKI /persistent:yes
```

Ukipata ujumbe wa `System error 53`, maana yake kompyuta haiioni seva kabisa. Hapa kwetu sababu imekuwa ileile karibu kila mara: kompyuta imejiunga na Wi-Fi ya wagonjwa badala ya mtandao wa wafanyakazi. Badilisha mtandao, kisha ujaribu tena. Ukipata `System error 85`, herufi ya `Z:` bado imeshikiliwa na muunganisho wa zamani. Andika `net use Z: /delete`, kisha urudie mstari wa kwanza.

Umefaulu ukifungua `Z:` na kuziona folda zote tatu.

## Hatua ya 2: Skani mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja

Nimeipanga skana itume kila kitu `SKANA_MPYA`, kwa PDF, kwa dpi 300 na rangi ya kijivu. Tafadhali msibadilishe mpangilio huo. Chini ya hapo maandishi ya kalamu huanza kufifia, na juu yake mafaili huwa mazito bila faida kwa karatasi za kawaida.

Toa pini za steplazi kabla ya kuweka karatasi. Kisha zihesabu. Skana yetu, karatasi zikiwa na unyevu au zikiwa zimekunjwa, huvuta mbili kwa pamoja na kusoma moja tu, bila kutoa onyo lolote.

Usiunganishe karatasi za wagonjwa wawili katika kuskani mara moja kwa nia ya kuokoa muda. PDF ya namna hiyo ikiingia kwenye folda ya mmoja, tumempa daktari majibu ya mtu mwingine, na ikichapishwa kwa ajili ya mgonjwa, tumetoa siri ya mtu wa pili.

Umefaulu ukifungua PDF na kukuta idadi ya kurasa inalingana na idadi ya karatasi ulizohesabu, na kila ukurasa unasomeka bila kukodoa macho.

## Hatua ya 3: Lipe faili jina kabla ya kulipeleka kokote

Jina hutolewa likiwa bado `SKANA_MPYA`. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu faili likishaingia `WAGONJWA`, seva haitawaruhusu kulibadilisha jina wala kulifuta. Nimeifunga hivyo kwa makusudi.

Jina lina sehemu nne zilizounganishwa kwa mstari wa chini:

```
04417_20250304_MAABARA_1.pdf
```

Ya kwanza ni namba ya mgonjwa, tarakimu tano, sifuri za mwanzo zikiwemo kama zilivyo kwenye kadi.

Ya pili ni tarehe: mwaka, mwezi, siku, bila alama yoyote katikati. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nieleze. Windows haikubali alama ya `/` ndani ya jina la faili. Kila mtu akatafuta njia yake: mmoja akaandika `4-3-2025`, mwingine `4.3.25`, mwingine `040325`. Ukikutana na `040325` baada ya miezi sita huwezi kuapa kwamba ni tarehe 4 Machi wala kwamba ni tarehe 3 Aprili. Mwaka ukitangulia, utata huo haupo, na kompyuta ikipanga mafaili kwa majina yatajipanga kwa mfuatano wa ziara za mgonjwa.

Tarehe hiyo ni ya tukio lenyewe, yaani siku damu ilipotolewa, siku ya ziara, au siku rufaa ilipoandikwa. Tarehe ya kuskani haituhusu. Tunapoingiza kadi za zamani za mwaka 2021, jina libebe 2021, la sivyo ugonjwa wa miaka iliyopita utaonekana kana kwamba umeanza jana.

Ya tatu ni aina ya rekodi. Yapo maneno matano tu yanayokubaliwa: `ZIARA`, `MAABARA`, `PICHA`, `RUFAA` na `IDHINI`. Barua inayompeleka mgonjwa hospitali ya Mama Lucy ni `RUFAA`, na majibu yanayorudi kutoka huko nayo ni `RUFAA`. Karatasi ya altrasaundi ni `PICHA`. Ukiona rekodi yako haiingii kwenye neno lolote kati ya haya, niulize, usibuni la sita.

Ya nne ni namba ya mfuatano kwa siku hiyo. Mgonjwa akiwa na karatasi mbili za maabara za siku moja, ya kwanza ni 1, ya pili ni 2.

Mtaona hakuna jina la mgonjwa, na hakuna jina la kipimo. Baadhi yenu mmelalamika, na lalamiko lenu lina haki: ni rahisi zaidi kutafuta faili lililoandikwa jina la mtu na kipimo chake. Lakini jina la faili husafiri mbali kuliko faili lenyewe. Huonekana kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, kwenye foleni ya printa, na kwenye skrini ya mapokezi ambayo mwenye kuegemea kaunta huisoma bila shida. Faili likiitwa kwa jina la jirani yake na neno `VVU`, hahitaji kulifungua. Kwa hiyo ndiyo, mtalazimika kufungua mafaili mawili au matatu kabla ya kupata mnalolitaka, na nimeamua kwamba usumbufu huo tutauvumilia.

Umefaulu ikiwa mtu asiyemjua mgonjwa anaweza kusoma jina la faili na kukwambia ni rekodi ya namba gani, ya siku gani na ya aina gani, lakini hawezi kukwambia ni ya nani wala anaugua nini.

## Hatua ya 4: Thibitisha mtu, nakili, fungua, ndipo ufute

Ndani ya `WAGONJWA` folda zimegawanywa kwa mamia ili orodha isiwe ndefu kupita kiasi. Namba 04417 iko hapa:

```
Z:\WAGONJWA\04400-04499\04417
```

Folda ya mgonjwa mpya hufunguliwa na mapokezi peke yao, wakati wa kuandikisha. Wengine mkikosa folda mnayoitafuta, msifungue yenu. Huenda namba mliyoshika ina kosa, na folda mpya italificha kosa hilo.

Kila folda ina faili linaloishia na neno `UTAMBULISHO`, ambalo ni nakala ya fomu ya kuandikishwa. Lifungue kila mara. Linganisha vitu viwili na karatasi yako: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Jina peke yake halitoshi, na sihitaji kuwaeleza watu wa Eastlands ni wanawake wangapi wanaoitwa Mary Wanjiru au Faith Atieno. Tunao wawili wenye majina matatu yanayofanana herufi kwa herufi, na kinachowatenganisha ni miaka tisa ya kuzaliwa.

Vitu viwili vikilingana, fanya hivi:

1. Bofya faili lililo `SKANA_MPYA` mara moja, ubonyeze Ctrl+C.
2. Ingia kwenye folda ya mgonjwa, ubonyeze Ctrl+V.
3. Fungua nakala iliyo ndani ya folda ya mgonjwa, uisome hadi ukurasa wa mwisho.
4. Rudi `SKANA_MPYA`, ulifute lile la kwanza.

Mtauliza kwa nini msiliburute tu kwa kipanya. Sababu ni tatu, na kila moja imeshatutia hasara au ingetutia.

Kwanza, kuburuta hakufanyi kazi moja. Ukiburuta faili kutoka `Desktop` kwenda `Z:`, Windows hunakili, kwa kuwa hizo ni diski mbili tofauti, na faili la kwanza hubaki palepale `Desktop` likiwa na siri zote za mgonjwa. Ukiburuta kutoka folda moja ya `Z:` hadi nyingine, huhamisha. Yale mafaili niliyoyakuta kwenye kompyuta ya mapokezi, nusu yake yalikuwa yameshafika kwenye seva, na wenyewe waliamini hawakuacha kitu nyuma.

Pili, faili lililohamishwa ndani ya diski moja linaweza kubaki na ruhusa za folda lilikotoka, yaani likaendelea kubadilishika na kufutika likiwa ndani ya kabati ambalo tunaamini limefungwa. Nakala huchukua ruhusa za folda inapoingia.

Tatu, mtandao ukikatika katikati, nakala inaweza kufika na hitilafu, lakini la kwanza bado unalo. Ndiyo maana kufungua na kusoma kunatangulia kufuta.

Onyo kuhusu kufuta: kitu kinachofutwa kwenye `Z:` hakiendi `Recycle Bin`. Kimepotea papo hapo. Mnaweza kufuta ndani ya `SKANA_MPYA` tu, na hata huko futeni faili moja moja kwa kulisoma jina, msichague yote kwa pamoja, kwa kuwa huenda mwenzako ameweka lake sekunde ishirini zilizopita.

Onyo la pili ni kuhusu Word. Folda ya `WAGONJWA` ni ya PDF peke yake. Word inapohifadhi huandika faili la muda, kisha hulibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la zamani, na seva yetu hairuhusu kubadilisha jina humo. Utaona ujumbe wa kukataliwa, na masalia yenye majina yanayoanza na `~$` yatabaki yakizagaa. Maabara, jazeni fomu yenu ya majibu, chagueni `Save As`, kisha `PDF`, ipelekwe `SKANA_MPYA` kama karatasi nyingine yoyote.

Umefaulu ikiwa nakala imefunguka ndani ya folda ya mgonjwa, na `SKANA_MPYA` haina tena faili lako.

## Hatua ya 5: Kosa likigunduliwa, la zamani halifutwi

Hatua hii ndiyo iliyozua maswali mengi, kwa hiyo tuipitie kwa mfano, kwa namba ya mfano 04417.

Mama mjamzito anapimwa himoglobini tarehe 4 Machi 2025. Karatasi ndogo inayotoka kwenye mashine inasema 10.2. Mtu wa maabara, huku akiitwa na watu wawili, anaandika 12.0 kwenye fomu. Ni tarakimu mbili zilizopishana tu. Lakini kwa mjamzito, chini ya 11 tunahesabu kwamba damu imepungua. 10.2 inamhitaji daktari aongeze dawa za madini ya chuma na kumfuatilia, ilhali 12.0 inamwambia daktari kwamba mama yuko sawa. Fomu inakuwa PDF, inaingia kwenye folda kwa jina hili:

```
04417_20250304_MAABARA_1.pdf
```

Siku ya pili asubuhi maabara wanalinganisha karatasi za mashine na fomu, wanaona kosa. Wazo la kwanza litakalomjia mtu mwaminifu ni kuondoa fomu mbaya na kuweka nzuri. Seva itamkatalia, na nataka mjue kwa nini nimeiamuru imkatalie.

Daktari alimwona mama huyo jana alasiri, akasoma 12.0, akamwambia aendelee na dozi ya kawaida. Tukiifuta 12.0, kumbukumbu zitaonyesha kwamba daktari alisoma 10.2 na hakufanya lolote. Tutakuwa tumemtwika mzigo wa kosa ambalo hakulifanya, na mtu yeyote atakayelichunguza jambo hili baadaye hataweza kuelewa kilichotokea.

Kwa hiyo maabara wanajaza fomu mpya. Juu yake wanaandika sentensi moja: jibu lililoandikwa 12.0 tarehe 4 Machi lilikosewa katika kuandika, jibu sahihi kutoka kwenye mashine ni 10.2. Wanaweka jina la aliyesahihisha, tarehe na saa. Wanaipa jina lilelile la zamani, likiwa na mkia:

```
04417_20250304_MAABARA_1_SAHIHISHO1.pdf
```

Tarehe katika jina inabaki 4 Machi kwa kuwa damu ilitolewa siku hiyo, ingawa sahihisho limeandikwa tarehe 5. Kwa namna hii mafaili yote mawili yanakaa jirani kwenye orodha, na afunguaye la kwanza hawezi kukosa kuliona la pili.

Kisha, na hili halifanywi na kompyuta, mtu wa maabara anainuka, anakwenda kwa daktari na kumwambia kwa mdomo. Daktari naye anampigia mama simu. Faili sahihi likikaa kimya ndani ya folda halijamsaidia mama huyo.

Kosa la aina nyingine ni rekodi kuingia kwenye folda ya mtu asiyehusika. Hapo msijaribu kulirekebisha wenyewe. Niandikieni namba mbili, ile iliyopokea na ile iliyostahili, nami nitaiondoa na kuandika nilichofanya. Hiyo ndiyo hali pekee ambapo faili huondolewa `WAGONJWA`, na ufunguo wa kufanya hivyo ninao mimi.

Umefaulu ikiwa mgeni anayefungua folda anaweza kuona nini kiliandikwa kwanza, nini kilibadilishwa, na nani na lini.

## Hatua ya 6: Stima ikipotea au seva ikinyamaza

Seva ina betri ya dharura ambayo kazi yake ni kuipa muda wa kuzimika vizuri. Haikuwekwa ili tuendelee kufanya kazi. Mkiisikia ikilia, malizeni faili mlilonalo na mfunge.

Baada ya hapo ni daftari jeusi: namba ya mgonjwa, tarehe, saa, kilichofanyika, sahihi. Karatasi zote za kipindi hicho ziwekwe kwenye bahasha moja ndani ya droo, na droo ifungwe. Stima ikirudi, mwenye zamu ya mapokezi ataziskani kwa kuanzia hatua ya 2, kisha aweke alama kwenye kila mstari wa daftari uliokwisha kuingizwa.

Kile kisichofanywa, hata kama foleni imefika nje ya lango, ni kuweka rekodi kwenye flashi, au kuipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Najua picha hizo hutumwa kwa nia njema, daktari akiwa njiani kwenye matatu na mgonjwa akisubiri. Lakini picha ikishafika kwenye simu kumi, hatuna namna ya kuirudisha. Katika hali ya haraka mpigieni daktari, mumtajie namba ya mgonjwa na jibu, kisha mwandike kwenye daftari kwamba mmempigia na saa ngapi.

## Hatua ya 7: Rekodi ikitoka nje, niambieni saa hiyohiyo

Kutoka nje ni mambo kama haya: karatasi ya mgonjwa imepewa mwingine, barua pepe imekwenda kwa anwani isiyo yake, simu yenye picha za majibu imeibwa, au mtu ameingia kwa nywila ya mwenzake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukiwa na hatari ya kweli kwamba mwenye data atadhurika, kliniki ina saa 72 tangu kujua kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, na mgonjwa mwenyewe pia anapaswa kuarifiwa. Saa 72 zinaonekana nyingi hadi tukio litokee Ijumaa jioni. Uamuzi wa kama jambo linafikia kiwango hicho ni wangu pamoja na mwenye kliniki, kwa hiyo msijikalishe kupima uzito wake.

Niambieni mambo manne: namba ya mgonjwa, kilichotoka, kilikokwenda, na saa mliyogundua. Aliyekuja kuniambia mapema sitamwandikia barua ya onyo kwa kosa la bahati mbaya. Aliyeficha, tutazungumza tofauti.

## Kuanzia Jumatatu

Maabara na mapokezi wataanza wakiwa wawili wawili kwa juma la kwanza, mmoja akinakili na mwingine akisoma namba kwa sauti ya chini. Karatasi yenye maneno matano ya hatua ya 3 nimeibandika kando ya kila skana, ndani ya plastiki, upande usioonekana na wagonjwa.

Mafaili yaliyobaki kwenye `Desktop` na `Documents` yaingizwe na wenyewe kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Nitapita tena jioni hiyo. Lile lenye jina la `FINAL FINAL mama wa jana` nimeliweka kando, na nawaomba wote waliokuwa zamu siku hiyo waje walifungue pamoja nami, kwa sababu karatasi iliyo ndani yake haina namba na mama huyo anatarajiwa kurudi kliniki juma lijalo.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa kliniki